Kitanda Kilichopakiwa Kwanza

Mume wangu ni mpima ardhi. Kampuni moja ya madini ilipompa kazi Australia, mjini Perth, na kuongeza kwamba itatugharimia kontena la futi ishirini la kuhamishia vyombo, alinitazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuliona jibu, akaniambia nisijisumbue. Kontena ni sanduku. Nyumba yetu ya Korogwe ina vyumba vitatu na sebule, navyo ni masanduku. Yeye amepima mashamba ya mkonge tangu ujana wake, sasa makochi yatamshinda?

Nilimwachia, kwa kuwa nilikuwa na jambo langu jingine lililoninyima raha. Mama yangu, anayeishi Misima upande wa Handeni, alikuwa hajatupa radhi. Hakukataa. Mama hakatai kitu, hubadili tu mazungumzo. Nikimwambia tunahama, ananiuliza kama mvua imenyesha Korogwe. Nikimwambia watoto wamepata shule huko, anauliza bei ya mahindi Segera. Kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, aliondoka zamani kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, na nadhani bado anayatafuta, maana hajarudi na simu hapigi. Tangu hapo neno "nje" linatamkwa kwa sauti ya chini nyumbani kwetu. Nilijua kabisa kwamba nikiondoka bila radhi ya mama nitaishi huko Perth kama mtu aliyetoroka mahabusu.

Nilimbembeleza mpaka akachoka. "Siku mtakayopakia vyombo nitakuja," alisema mwishoni. "Nitawaaga vizuri."

Hivyo siku ya kupakia ikawa mtihani wangu, huku mume wangu akidhani ni wake.

Alianza na hesabu. Jumamosi nzima alitembea na futi ya chuma akipima kila tulichonacho, watoto wakimshikia ncha ya pili. Mtu wa kawaida akipima kochi hupima urefu, upana na kimo, basi. Mume wangu alipima kiti cha kochi peke yake, mgongo wake peke yake, mikono yake peke yake, akajumlisha. Meza ya kulia chakula aliipima ubao wa juu na miguu minne, kila mguu kivyake. Jioni alitangaza kwamba mali yetu yote ina mita za ujazo ishirini na sita, na kwa kuwa kontena lina thelathini na tatu, tuna nafasi ya kumwaga. Alifurahi kiasi kwamba aliwapigia simu ndugu zake huko milimani Lushoto kuwaarifu. Lilikuwa kosa kubwa. Watu wa milimani ukiwaambia una nafasi, hawaulizi ya nini.

Ndani ya juma moja tulipokea gunia la maharage, ndoo ya asali, mbegu za kila kitu kinachoota, vikapu, nyungo, na kinu cha mti na mchi wake, kutoka kwa mama mkwe wangu, aliyekuwa na wasiwasi kwamba Australia hawatwangi. Mume wangu hakurudisha hata kimoja. Kurudisha zawadi ya mzazi ni utovu wa adabu. Badala yake alienda kwa fundi seremala, naye akamchongea makasha ya mbao ya kuwekea zawadi hizo, mbao mbichi zenye magome yake. Alisema magome yanaongeza uimara.

Kisha akaja wakala.

Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Tanga, mwenye kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo, bangili za dhahabu mpaka katikati ya mkono, na sauti ya mtu aliyezoea kugombana na bandari nzima. Aliteremka kwenye gari, akapokea shikamoo za watoto, akapita vyumbani mara moja tu bila kupima chochote, akarudi sebuleni na kuketi.

"Mnazo mita thelathini na tano hapa," alisema. "Na hiyo ni kabla ya jikoni."

Mume wangu alitabasamu na kumwonyesha hesabu zake. Wakala alizisoma kwa heshima, jambo lililonitia hofu.

"Baba, hapa umepima mbao," alimwambia. "Mimi nasafirisha makochi. Chini ya meza kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hicho kisicho kitu nacho kinapanda kontena. Kochi linahesabiwa kwa sanduku ambalo lingelimeza zima, mikono, mgongo na hewa iliyo katikati. Na hayo mathelathini na tatu yako ni ya maji. Ukilijaza maji, utapata thelathini na tatu. Ukilijaza vyombo vya nyumbani, ukapata ishirini na saba au nane, kamshukuru Mungu."

Mume wangu aliuliza kama kuna kanuni. Alijibiwa kuwa kanuni ni vyombo vya watu alivyoviona vikibaki nje ya mlango. Lakini wakala hakuwa na roho mbaya. Alimwonyesha namna ya kupunguza: miguu ya meza ifunguliwe, kabati libomolewe lilale kama mbao, viti vipandishwe kimoja juu ya kingine, droo zijazwe nguo na sufuria zijazwe vikombe vilivyofungwa magazeti. Kisicho kitu kikijazwa kitu, mita zinashuka. Mume wangu alisikiliza akikuna kidevu, na siku iliyofuata nilimsikia akiwaeleza jirani zetu mambo hayohayo kama uvumbuzi wake.

Zawadi za milimani zilimalizwa kwa dakika chache. Maharage hapana, asali hapana, mbegu usizitamke hata kwenye simu. Wale watu wa Australia, wakala alisema, wanaogopa mdudu kuliko wanavyoogopa jambazi. Baiskeli za watoto zioshwe mpaka kwenye mianya ya tairi, viatu vya shamba vibaki, majembe yabaki. Vikapu na nyungo angekubali vichache, kwa sharti vikae mlangoni kabisa, ili mkaguzi akitaka kuvitazama asilazimike kubomoa kontena zima. Kinu alikizungukia mara mbili, akakigonga, ungaunga wa bungua, mdudu mla mbao, ukadondoka sakafuni. Akatikisa kichwa. Makasha ya mbao yenye magome yalimfanya acheke, na kicheko chake kilikuwa cha kweli, kwa muda mrefu. Tuliyapasua kuni.

Tulipofika chumbani kwetu alisimama mbele ya kitanda.

Inabidi nikieleze kitanda hicho. Nilipoolewa, mama alikata mninga uliokuwa mpakani mwa shamba la marehemu baba huko Misima, akaita fundi, na fundi akalala kwetu mpaka alipokimaliza. Ni kitanda cha sita kwa sita, kichwa chake kina nakshi ya majani ambayo hayapo kwenye mti wowote ninaoujua, na uzito wake unahitaji wanaume wanne na maneno machafu. Siku ya harusi kilitangulia kuja kwa mume wangu kabla yangu mimi. Ukweni walikitazama kwanza, kisha wakanitazama mimi, na nadhani walikipenda zaidi kitanda.

"Hiki ni cha kwenda nacho," alisema mume wangu haraka, akitaka kupata japo ushindi mmoja siku hiyo. "Ni cha mkwe wangu. Tukikiacha atasema tumedharau."

Nilikubaliana naye. Nilijua mama angejivuna. Nilijiona kabisa nikimpigia picha kitanda chake kikiwa Perth, chini ya dirisha la kizungu, naye akiwaonyesha wanawake wa Misima.

Wakala alikikagua nyuma na mvunguni, akitafuta matundu ya bungua. Hakikuwa nayo. Kilikuwa kikavu, kimepigwa vanishi. Alitoa hukumu: kikifunguliwa vipande na kufungwa mablanketi kitakula karibu mita moja ya ujazo, na kitakuwa msingi wetu. Kikaingia kwenye mpango wake wa kupakia, mahali pa kwanza kabisa.

Mpango wenyewe alitueleza akitumia meza na viberiti. Kontena halijazwi kama gunia, la kutupia tu. Linajengwa kwa kuta. Unaanza ndani kabisa, nyuma ya kichwa cha lori, unajenga ukuta wa kwanza kutoka sakafuni mpaka darini, unaubana, unaufunga kamba kwenye pete zilizomo ubavuni, ndipo unaanza wa pili. Vizito na vigumu chini, vyepesi juu. Lakini vizito vyote visirundikwe upande mmoja, wala ndani kote wala mlangoni kote. Maboksi ya vitabu yagawanywe kwenye kila ukuta, la sivyo kontena litainama likinyanyuliwa bandarini. Magodoro yasimamishwe kati ya ukuta na ukuta kama mito. Friji isimame wima, imekaushwa, mlango umeachwa na upenyo. Vinavyohitajika kwanza huko mwendako viingie mwisho: mashuka, sufuria, sahani chache, vitanda vya watoto. Na kisichohitajika haraka, ambacho kinaweza kubeba wenzake, kiingie kwanza.

"Kitanda chenu kitatoka mwisho, mkilala chini siku mbili tatu hamtakufa," alisema. "Kichwa chake kitaegemea mbele, mbavu zake zitalala sakafuni, kabati litakaa juu yake. Kitashika kila kitu."

Alikuwa sahihi. Kwa kila kipimo cha kazi yake, alikuwa sahihi.

Siku yenyewe lori lilifika mapema. Nyumba yetu ipo mtelemkoni, na hapo ndipo mume wangu alipopata heshima yake. Aligundua kwamba dereva akirudi nyuma mpaka kwenye ukingo wa juu wa uwanja wetu, sakafu ya kontena, ambayo kawaida humfika mtu kifuani, italingana na ardhi. Walilaza mbao mbili za kupitia, na vibarua wakawa wanaingia na kutoka kama wanaingia sebuleni. Wakala alimpongeza. Mume wangu alilitaja jambo hilo mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana.

Kitanda kilitoka kwanza. Kichwa chenye nakshi kiliviringishwa mablanketi, kikafungwa nailoni, wanaume wanne wakakibeba wakisema yale maneno. Kiliegemezwa mbele kabisa, mbavu na chaga zikalazwa, mbao za kabati zikapandishwa juu, maboksi ya vitabu yakaziba pembe. Ukuta wa kwanza ukafungwa kamba.

Mama alifika kutoka Misima wakati ukuta wa pili unaendelea. Alishuka kwenye bodaboda na mkoba wake, kanga mbili mpya, na furushi dogo lililofungwa vizuri. Vibarua wakamwamkia mmoja mmoja, naye akawajibu mmoja mmoja kwa utaratibu wake, "Marahaba, hujambo, nyumbani hawajambo," mpaka wakala akatazama saa. Nilimbusu mkono, nikamwuliza kama angependa kupumzika ndani.

"Ndani nitaingia mkimaliza," alisema. "Nina kazi yangu huko. Sasa hivi nitawasumbua."

Nilidhani kazi yake ni kutuombea dua. Nilimwekea kiti kivulini, naye akakaa na furushi mapajani siku nzima, akitazama maisha yetu yakipita mbele yake: friji, makochi yaliyosimamishwa wima kama watu kwenye foleni, mashine yangu ya kufulia, baiskeli zilizooshwa hadi zikang'aa kuliko siku tulizozinunua. Hakuuliza chochote. Mara moja tu kochi liliposhindwa kuingia alimwambia kibarua, "Ligeuze tumbo juu, baba," nalo likaingia. Nilifurahi. Niliona kabisa kwamba mtihani wangu unakwenda vizuri, na nilianza hata kutunga nitakavyowasimulia watoto wangu jinsi bibi yao alivyotuaga kwa moyo mweupe.

Alasiri kontena lilijaa. Kwa kweli lilijaa vizuri sana. Wakala alipitisha kiganja kwenye ukuta wa mwisho, wenye vitanda vya watoto, sufuria, mashuka na vile vikapu vya mkaguzi, akatundika vifuko vya kunyonya unyevu, akasema ishirini na saba na nusu. Mume wangu alifuta jicho. Dereva alishika mlango mmoja, lakiri ya kufungia milango ikiwa mkononi mwa wakala, tayari kupigwa.

"Subirini kidogo," alisema mama. "Nifanye kazi yangu, ndipo mfunge."

Aliingia ndani na furushi lake. Tulisikia kandambili zake zikipita sebuleni tupu, zikaingia koridoni, zikasimama. Nilianza kwenda, nikadhani amejikwaa.

Nilimkuta mlangoni mwa chumba chetu. Furushi alikuwa amelifungua. Lilikuwa shuka jipya jeupe lenye maua yaliyotariziwa pembeni, na foronya mbili. Alilishika mkononi likiwa bado limekunjwa, akitazama sakafu pale ambapo miguu minne ya kitanda imeacha alama kwenye saruji.

"Kitanda kiko wapi?" aliniuliza.

Nilimweleza kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilimwambia tunakwenda nacho, kwamba ndicho kimewekwa cha kwanza kwa heshima yake, kwamba kimeshika kontena lote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kitanda cha mtu kinatolewa nje akifa," alisema. "Mtu aliye safarini kitanda chake kinatandikwa."

Hapo nikakumbuka. Nyumbani kwetu Misima mtu akisafiri, hata kwenda Handeni mjini kulazwa, mama yake au mkewe humtandikia shuka safi kabla hajatoka, na kitanda hakiguswi mpaka arudi. Hakuna aliyewahi kutufundisha kwa maneno. Ni kama kufagia uwanja asubuhi. Kitanda kinachobomolewa na kubebwa nje ni cha msiba; vya watoto havihesabiwi, mtoto huhesabiwa kwenye kitanda cha mama yake. Nilikuwa nimelijua hilo maisha yangu yote, na kwa miezi kadhaa nimepigiwa hesabu za mita za ujazo mpaka likanitoka. Mama naye asingeweza kuniuliza mapema. Kumwuliza msafiri habari za kitanda chake ni kumtabiria kifo.

"Mama, ni desturi tu," nilisema. Nilijisikia vibaya wakati uleule nikisema.

Alikunja lile shuka ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

"Kaka yako aliuza chake apate nauli," alisema. "Nilikuwa uani napepeta. Nilimwona anakibeba kichwani, anapita nacho pale mbele yangu. Nikasema moyoni, mtoto wa kiume huyu, usimletee mambo ya kizee, mwache aende. Sikusema kitu. Na mpaka leo nikilala nakiona kinapita."

Hakulia. Ningependelea alie. Alisema kwamba hatanizuia, kwamba mume wangu ni mtu mzuri na watoto wataona dunia, na kwamba atasimama barabarani kutupungia mkono kama watu wengine. Lakini kuhusu radhi, alisema, yeye hajui kumuaga mtu ambaye ameshatolewa kitanda. Hajui maneno yake. Hajafundishwa.

Nilitoka nje. Mume wangu alikuwa anapiga picha kontena.

"Tushushe," nilimwambia.

"Tushushe nini?"

"Kitanda."

Alilitazama kontena, akanitazama, akalitazama tena. Yeyote anayejua kuhesabu angeelewa shida yake. Kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka mwisho. Ili kukifikia kitanda ilibidi kila kitu tulichonacho duniani kirudi uwanjani, kuanzia sufuria.

Wakala alikataa. Alisema bandari ina siku yake ya kufunga mapokezi ya mizigo ya meli ile, lori lina ratiba, na zaidi ya yote, ukuta ule ni mzuri, na hajawahi kuvunja ukuta mzuri kwa sababu ya shuka. Alisema mengi, yote ya kweli. Mume wangu aliniuliza kwa upole kama hatungeweza kununua kitanda kingine Korogwe, tukakiweka pale, mama akakitandika. Nilimjibu kwamba awaambie vibarua waende wakaninunulie na mama mwingine.

Sikungoja jibu. Niliingia, nikashika boksi la kwanza lililokuwa mlangoni, nikalitoa. Kisha sufuria. Kisha godoro la mtoto, ambalo lilinizidi, nikaanguka nalo kwenye mbao mbele ya vibarua wote. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, mtu mzima wa Makuyuni, aliuliza kuna nini, nami nikamwambia kwamba mama yangu alikuja kutandika kitanda na kitanda kimo mle ndani. Aliguna, akawageukia wenzake.

"Mlipakia kitanda cha msafiri?" aliwauliza, kana kwamba si yeye aliyekuwa ameshika upande wa miguu.

Wakaanza kushusha bila kuambiwa. Wakala alisimama pembeni akizungusha bangili zake, kisha akavua viatu vyake vya visigino, akapanda, na kuanza kuwafokea kwamba kama ni kushusha basi washushe kwa mpangilio, ukuta kwa ukuta, la sivyo tutalala hapa. Mume wangu alitazama mita zake ishirini na saba na nusu zikienea kwenye nyasi. Halafu naye akashika upande wa friji.

Kitanda kilirudi chumbani jua likiwa bado lipo. Miguu yake ilikaa palepale kwenye alama zake. Tuliunga mbavu, tukapanga chaga, tukarudisha godoro letu kubwa, lililokuwa limesimama kati ya ukuta wa kwanza na wa pili. Mama alituambia tutoke. Nilibaki koridoni. Nilimwona akitandaza lile shuka, akivuta pembe, akizunguka upande wa pili na kuvuta tena, akipiga mito. Alifanya polepole, kama alivyokuwa akitandika mimi nikiwa mdogo na naumwa, na sisi wote, vibarua, wakala na dereva, tulikuwa tunangoja.

Alipomaliza aliniita. Aliniwekea mkono kichwani, akasema alichokuja kusema. Hayo ni yangu, siyaandiki hapa. Akamwita mume wangu naye akainamisha kichwa chake chenye hesabu zote zile. Kisha mama alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akautia kwenye fundo la kanga yake.

Mpangaji tuliyekuwa tumempata wa kukaa humo tukiondoka alikuwa ameahidiwa vyumba vitatu. Ilibidi apewe viwili na maelezo. Mume wangu alijaribu kulitaja jambo hilo, lakini mama alikuwa ameshafika uwanjani na anatazama vyombo vilivyozagaa.

"Mbona mmesimama?" aliuliza. "Pakieni, mnachelewa."

Tulipakia upya siku iliyofuata, na ukuta wa kwanza ulilazimika kupata msingi mwingine. Wakala aliweka mashine ya kufulia na maboksi ya vitabu, akabana kwa makochi, akilalamika mpaka mwisho kwamba si sawa. Mita moja ilibaki. Mume wangu alitaka kinu cha mama yake kipewe nafasi hiyo. Wakala alimtazama tu, naye akakirudisha ndani. Meli hatukuikosa.

Sasa tuko Perth. Watoto wana vitanda vyao, vilivyotoka mlangoni mwa kontena siku ya kwanza kama ilivyopangwa, na mkaguzi alivitazama vikapu kwa dakika moja bila kubomoa chochote. Mimi na mume wangu tunalala sakafuni, kwenye godoro tulilonunua huku. Mgongo wake unamuuma, na kila mwezi ananionyesha vitanda kwenye simu, vya chuma, vya mbao, vyenye droo, akinisomea vipimo. Ninamwambia kitanda tunacho.

Mama hutoka Misima kuja Korogwe mara kwa mara, anamsalimia mpangaji, anafungua chumba, anabadilisha shuka. Juzi alinipigia akiwa humo ndani. Alisema amelifua lile la maua na kuweka jingine kwa muda, kwamba vumbi la Korogwe halina haya, na akaniuliza tunakuja lini. Kisha, kabla sijajibu, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ametandika viwili. Alikwenda kwa fundi akachongesha kingine, kidogo, cha mtu mmoja, akakiweka nyumbani Misima, kwenye chumba cha kaka yangu.